Utoaji wa picha zilizohaririwa

Utoaji wa picha zilizohaririwa ni hatua ya mwisho ya kazi ya picha za kidijiti, ambapo mhariri hutengeneza kutoka kwenye picha yake faili mpya inayofaa mahali itakapotumika: kutumwa kwa simu, kuwekwa kwenye mitandao ya kijamii au kuchapishwa kwenye karatasi. Mambo matatu huamuliwa katika hatua hii, nayo ni ukubwa wa picha kwa pikseli, profaili ya rangi, na kiasi cha kubana faili. Faili moja haifai kwa matumizi yote, na picha nyingi huharibika hapa ingawa zilipigwa na kuhaririwa vizuri.

Mfano unaotumika katika makala hii ni picha ya pamoja ya wanafunzi wa mahafali ya kidato cha nne, iliyopigwa kwa kamera yenye pikseli 6000 kwa 4000 na kuhaririwa kwa programu huria ya GIMP. Picha ya namna hii hairudiwi, maana wahitimu hutawanyika siku hiyohiyo.

Faili mama

Kabla ya kutoa chochote, picha iliyohaririwa huhifadhiwa kwa ukubwa wake wote katika aina ya faili isiyopoteza kitu. Katika GIMP aina hiyo ni XCF, nayo hupatikana kwa amri ya `File > Save As`. Amri ya kutoa ni nyingine, yaani `File > Export As`. Nakala zote hutolewa kutoka kwenye faili mama, kamwe si kutoka kwenye nakala nyingine. Anayepunguza picha ya mahafali hadi pikseli 1600 kisha akaihifadhi juu ya faili ileile amepoteza zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za pikseli zake, na hakuna programu itakayozirudisha kama zilivyokuwa.

Profaili ya rangi

Kompyuta huhifadhi rangi kama namba za nyekundu, kijani na buluu. Namba hizo peke yake hazitoshi, kwa sababu nyekundu ya namba 255 inaweza kuwa kali zaidi katika mfumo mmoja kuliko katika mwingine. Profaili ni maelezo yanayoambatana na faili na kusema namba zisomwe kwa mfumo upi. Mfumo wa sRGB ulipendekezwa mwaka 1996 na kampuni za HP na Microsoft, ukawa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Mpaka leo ndio unaochukuliwa na programu nyingi pale ambapo faili haina maelezo yoyote.

Kamera nyingi hutoa pia nafasi ya kuchagua Adobe RGB, mfumo unaobeba rangi pana zaidi, hasa za kijani. Picha ya mfumo huo ikifunguliwa na programu isiyosoma profaili, namba zake husomwa kana kwamba ni za sRGB. Matokeo yake ni picha iliyopauka: sare za kijani zinafifia, ngozi inakuwa ya kijivujivu, kitenge chekundu kinaonekana kama kimefuliwa mara nyingi. Dalili ya kosa hili ni kwamba picha ni nzuri ndani ya programu ya kuhariri lakini imepooza kwenye simu. Mhariri asiyejua chanzo huongeza ukali wa rangi, na kwa kufanya hivyo huiharibu picha kwa yule ambaye simu yake inasoma profaili sawasawa.

Dawa ni kugeuza picha kuwa ya sRGB kabla ya kuitoa. Katika GIMP hufanywa kwa `Image > Color Management > Convert to Color Profile`. Jirani yake ipo amri ya `Assign Color Profile`, nayo isichanganywe na ya kwanza. Convert hubadilisha namba ili mwonekano wa rangi ubaki; Assign hubadilisha lebo tu na kuziacha namba zilivyo, hivyo rangi zenyewe huhama. Wakati wa kutoa, kisanduku cha kuhifadhi profaili kiwekewe alama ya tiki.

Kwa programu za ujumbe na mitandao

WhatsApp hupunguza na kubana upya picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, ambapo upande mrefu hubaki na takriban pikseli 1600. Chaguo la HD, lililoanza mwaka 2023, hubakiza pikseli nyingi zaidi, lakini hata hapo faili hubanwa. Kwa hiyo ni afadhali mhariri aipunguze picha mwenyewe kwa `Image > Scale Image`, kwa mfano hadi 1600 kwa 1067, kisha ainoe kidogo, kwa kuwa kupunguza hulainisha kingo za nyuso na maandishi. Kwa Instagram upana wa kawaida ni pikseli 1080: picha ya mahafali iliyolala itakuwa 1080 kwa 720, na picha iliyosimama ya uwiano wa 4 kwa 5 itakuwa 1080 kwa 1350.

Faili hutolewa kwa JPEG. Aina hii hugawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa vijambo vidogo ambavyo jicho haliwezi kuvitambua kwa urahisi. Namba ya ubora, ambayo si asilimia ya picha ya awali, huamua kiasi kinachotupwa. Ubora wa 85 hutosha kwa simu. Ukishuka sana, viraba huonekana kwenye anga na ukungu wa vidoti huzunguka herufi za bango lililo nyuma ya wahitimu. Ukaguzi ufanywe kwa kuikuza picha hadi asilimia 100, si kwa kuitazama ikiwa ndogo.

Kwa kuchapisha

Karatasi huhitaji pikseli nyingi zaidi. Kipimo cha kawaida kwa picha inayoshikwa mkononi ni pikseli 300 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji 1181 kwa 1772, na A4 nzima 2480 kwa 3508. Faili mama ya mahafali inatosha kwa zote mbili. Nakala iliyopita WhatsApp, ikitandazwa kwenye A4, hubaki na pikseli 137 tu kwa inchi, na nyuso za walio mstari wa nyuma huwa kama zimepakwa mafuta. Kuandika namba 300 kwenye sehemu ya `X resolution` hakuongezi pikseli hata moja. Kunabadilisha tu ukubwa wa karatasi unaokusudiwa.

Uwiano nao ni wa kuangaliwa. Sentimita 10 kwa 15 inalingana kabisa na 6000 kwa 4000, lakini A4 ni fupi kidogo kwa urefu. Ili ijae bila ukingo mweupe, pikseli zipatazo 170 hukatwa kila upande, na huenda hapo ndipo alipo bega la mwanafunzi wa mwisho. Mhariri akate mwenyewe, au aache ukingo.

Kwa studio nyingi, JPEG ya sRGB yenye ubora wa 95 hupokelewa; inayotaka mfumo mwingine wa rangi huwa na maelekezo yake, na yaulizwe kabla. Faili ipelekwe kwa diski mweko au barua pepe. Ikilazimu kutumia WhatsApp, iambatishwe kama Document, ambapo hufika bila kubanwa upya.

Picha iliyochapishwa ikitoka nyeusi kuliko ilivyoonekana, mara nyingi kioo cha kompyuta kilikuwa kinang'aa kupita kiasi wakati wa kuhariri. Chapa moja ndogo ya majaribio huonyesha hilo kabla ya kuagiza nakala za darasa zima.