Jinsi ya kutambua tovuti bandia ya kuuza simu kabla ya kulipa

Mnunuzi anayekutana na tangazo la simu ya Sh30,000 inayouzwa kwa Sh9,500 aghalabu hukagua picha kwanza, ilhali picha ndizo rahisi zaidi kuibwa. Walaghai hunakili nembo ya duka linalofahamika, bei zake na hata sifa zilizoandikwa na wateja. Wasichoweza kunakili ni anwani ya tovuti, kwani anwani moja haisajiliwi kwa watu wawili.

Tuseme duka halisi hutumia dukamfano.co.ke, na kiungo kilichotumwa kwa WhatsApp ni hiki:

```
https://dukamfano.co.ke.ofa-simu.com/malipo
```

Mwenye haraka huona jina la duka mwanzoni na kuridhika. Hata hivyo, mwenye tovuti hutambuliwa kwa sehemu inayotangulia mkwaju wa kwanza baada ya https://, nayo husomwa kutoka kulia. Hapa ni ofa-simu.com. Yaliyo kushoto mwake, mmiliki huyaongeza apendavyo. Alama ya kufuli nayo haimtetei mnunuzi. Huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefumbwa yasisomwe njiani, na mlaghai huweza kuipata bila malipo.

Baada ya kulijua jina halisi, inafaa kuuliza umri wake. Anwani za .com hutafutwa katika lookup.icann.org, na zinazoishia kwa .ke katika tovuti ya KeNIC, shirika linalozisimamia. Tarehe ya kusajiliwa huandikwa Created au Creation Date. Tovuti inayojigamba kuwa imehudumia Wakenya kwa miaka kumi, lakini ilisajiliwa wiki tatu zilizopita, imejifichua yenyewe. Umri mkubwa, hata hivyo, si hakikisho, kwa sababu anwani ya zamani huweza kununuliwa au kudukuliwa.

Ndiposa njia ya malipo nayo huhitaji kuchunguzwa. Duka lililosajiliwa kwa kawaida hupokea M-Pesa kwa nambari ya Till au Paybill, na jina la biashara huonekana kabla ya muamala kukamilika. Likitokea jina la mtu binafsi, au la biashara isiyohusiana na duka, ni heri kusitisha. Kisingizio kinachosikika mara nyingi ni kwamba Till "ina hitilafu leo" na pesa zitumwe kwa nambari ya mhudumu. Anayekataa kulipwa simu ikishafika, lakini anadai "ada ndogo ya usafirishaji" kwanza, huenda anaitafuta ada hiyo tu.

Aliyekwisha kutuma pesa kwa nambari ya mtu hutakiwa kusambaza ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja akiomba zirejeshwe. Ombi hilo hutegemea pesa kuwa bado zimo katika akaunti ya mpokeaji, na walaghai huzitoa upesi.