Herufi Mbili Nyuma ya Bendera: Uganda na Zanzibar katika Yunikodi
Simu hapa Ggaba inapoonyesha emoji ya bendera ya Uganda, korongo tunayemwona hakutumwa ndani ya ujumbe. Kilichotumwa ni alama mbili za eneo, U+1F1FA na U+1F1EC, yaani U na G, ambazo jozi yake ndiyo msimbo wa nchi UG. Yunikodi iliingiza alama 26 za namna hiyo mwaka 2010, ikaepuka kuamua yenyewe ipi ni nchi. Iliiachia orodha ya ISO 3166, iliyokuwapo tangu 1974. Simu isiyo na picha hiyo huonyesha herufi UG tu. Zanzibar ilipandisha bendera yake mwaka 2005, lakini haina msimbo wake katika orodha hiyo. Kwa hiyo Mzanzibari hubaki na bendera ya TZ.