Bango la Ukurasa Mmoja Dhidi ya Unyanyasaji

Vos Estis Lux Mundi, hati ya Papa Fransisko ya mwaka 2019 iliyohuishwa 2023, inakataza kumlipizia kisasi anayetoa taarifa ya unyanyasaji au kumlazimisha anyamaze. Parokia za Temeke na Kinondoni zinapofupisha sera zao, tunashauri bango lianze na hatua: andika tukio, tarehe na mahali, wasilisha, omba uthibitisho wa kupokelewa.

Lifuate jina la wapokeaji wawili, mmoja wa nje ya parokia, kwani mlalamikiwa aweza kuwa mpokeaji mwenyewe. Liongezwe Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na 116 kwa mtoto.

Mwisho, ulinzi uelezwe kwa mfano: mwanakwaya akiondolewa kwa sababu alilalamika, hilo ni lalamiko jipya, nalo limfikie mpokeaji wa nje.