Alikupa au Alikuomba?

Mtu wa Mikindani au Msimbati akiamka na kusema amemwota marehemu mama yake, wazee hawaanzi kwa kumuuliza mama alikuwa na sura gani. Huuliza, "Mwanangu, alikupa au alikuomba?" Kisha huuliza kama alikipokea alichopewa, na kama kilikuwa chakula, alikila? Maswali hayo yana historia ndefu kuliko miji yetu ya ufukoni, na nimeona inafaa kuifuata.

Kitabu ambacho mashehe wa pwani hukitaja zaidi katika mambo haya hunasibishwa na Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijiria, yaani karibu mwaka 729. Lakini kitabu chenyewe kilikusanywa karne kadhaa baada yake, na ndani yake mna maneno ya watu waliozaliwa yeye akiwa kaburini. Jina lake lilibaki kwa sababu watu walimwamini.

Kanuni ya kitabu hicho ni kwamba anachokupa maiti ni kheri, na anachokuchukulia ni hasara. Akikupa chakula, utapata riziki kutoka usikotarajia. Akikupa asali, utapata faida usiyoitafuta. Tikitimaji ndilo lililotengwa: ukipewa na marehemu, wasiwasi unakujia, na akilichukua kwako, wasiwasi unaondoka.

Kwenye nguo ndiko tafsiri inakokuwa makini. Tuseme mwanamke wa Msimbati ameota mama yake anampa kanga. Kanga ikiwa mpya au safi, atapata maisha mema kama aliyokuwa nayo mama. Ikiwa imechakaa, ni dalili ya ufukara. Ikiwa chafu, ni onyo la madhambi. Kwa hiyo mfasiri hawezi kusema lolote mpaka ajue hali ya kitambaa.

Sasa tugeuze ndoto. Mama ndiye anayeomba kanga, na binti anaivua mwilini na kumpa, naye mama anajitanda. Hapo wafasiri wanaogopa, maana vazi la aliye hai limekwenda kwa aliyekufa, na hiyo husomwa kuwa maradhi au kifo. Lakini kama mama alipewa nguo amtunzie tu, au aifue, haina neno. Haitoshi, basi, kusema kwamba nguo imetoka mkono mmoja kwenda mwingine. Lazima ijulikane aliyeivaa ni nani.

Fikra hii ni kongwe kuliko Uislamu. Artemidoro, Mgiriki wa karne ya 2, aliandika kwamba maiti akichukua nguo, fedha au chakula cha aliye hai ni ishara ya kifo, na akavitaja vitu hivyo hivyo vitatu kuwa ndivyo vyema kupewa na wafu. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu na Hunain bin Is-haka, aliyefariki mwaka 873. Wafasiri wa Kiislamu waliokuja baadaye walikuwa na maandishi hayo, na kufanana kwa kanuni zao kunaniridhisha kwamba waliyatumia.

Bonde la Ruvuma nalo lilikuwa na elimu yake kabla ya vitabu kufika. Duff Macdonald, mmisionari wa Kiskoti aliyeishi na Wayao wa Nyasa, ndugu wa Wayao wa Ruvuma, alieleza mwaka 1882 jinsi mtu alivyoweka sadaka kichwani pa kitanda chake, ili marehemu aje amnong'oneze usingizini. Sadaka yenyewe, mbepesi, ni unga, na hupelekwa pia chini ya mti wa msolo. Hapa mkondo unageuka: marehemu akija ndotoni, deni liko kwa aliye hai. Mtu huamka, husaga, hupeleka unga.

Kwa hiyo Uislamu ulipopanda kutoka ufukoni kwenda Newala na Masasi, mila mbili zilikutana kwenye ndoto ya marehemu anayeomba. Shehe hakuhitaji kumkatalia mtu. Alimwelekeza kwenye sadaka. Hadithi inasimulia kwamba Saad bin Ubada alimuuliza Mtume kama sadaka ingemfaa mama yake aliyefariki, akajibiwa ndiyo, akatoa shamba lake. Unga wa msolo ukawa ubwabwa wa kulisha majirani, na kanga ya mama akapewa mjane.

Palipobaki mvutano ni kwenye kula. Kitabu kinasema chakula cha marehemu ni riziki, lakini wazee wengi wa kwetu humtaka mtu akatae, wakihofu kwamba anayekula na wafu anahesabiwa mwenzao. Kwa maoni yangu, hofu hii inakaribiana na kanuni nyingine ya kitabu hicho hicho: anayemfuata maiti katika nyumba asiyoijua na asitoke, hufa. Labda ndiyo maana baada ya "ulikula?" bibi mwenye busara huongeza swali moja, "Mlikulia wapi?" Ukimjibu kwamba ilikuwa barazani kwenu, huondoka akaendelea kutwanga.