Jinsi ya Kuwatofautisha Nzohe, Pongo na Kuro kwa Kutumia Picha

Mwananchi anayemwona mnyama wa jamii ya swala kando ya ziwa, mtoni au karibu na shamba anaweza kumpiga picha kwa simu na kuiwasilisha kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yake. Picha hiyo huwa na manufaa zaidi inapoambatana na jina sahihi la mnyama, kwa kuwa jina ndilo linaloonesha mahali pa kuanzia ufuatiliaji. Nzohe huishi ndani ya matete na mafunjo, na hupita katika njia zilezile kila siku. Tabia hiyo humfanya anaswe kwa urahisi na mitego ya nyaya. Endapo picha ya nzohe itaripotiwa kuwa ni ya pongo, doria inaweza kuelekezwa vichakani ilhali mitego ipo majini.

Mkoani Geita, nzohe na pongo hupatikana pamoja katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977. Nzohe hupatikana pia katika ardhi oevu za Moyowosi na Kigosi, kusini mwa Geita na magharibi mwa Shinyanga. Kuro huonekana katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Makala haya yanaeleza namna ya kuwatofautisha wanyama hao watatu kwa kuangalia pembe, makalio, alama za ngozi na ukubwa wa mwili.

Pembe

Jambo la kwanza ni kuangalia iwapo pembe zina matawi. Wanyama wenye pembe za matawi, ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka, ni wa Ulaya, Asia, Amerika na ukanda mdogo wa kaskazini mwa Afrika. Hakuna mnyama wa asili wa aina hiyo nchini Tanzania. Baadhi ya vitabu huwaita kulungu, na jina hilohilo hutumika mahali pengine kumtaja pongo. Ndiyo maana taarifa yenye neno "kulungu" pekee huleta utata. Hivyo, picha ya mnyama mwenye pembe za matawi inayosambazwa kuwa imepigwa Chato au Kahama haikupigwa huko.

Pembe za swala hazina matawi wala hazianguki. Kwa wanyama watatu tunaowazungumzia, madume pekee ndiyo huwa na pembe. Pembe za pongo ni fupi, karibu zimenyooka, na zimejisokota mara moja. Za nzohe ni ndefu zaidi, zimetanuka kwa nje, na msokoto wake huonekana wazi. Pembe za kuro hazijisokoti kabisa: zina mapete kuanzia chini, hurudi nyuma, kisha ncha zake hupinda kuelekea mbele.

Makalio

Alama iliyo karibu na mkia husaidia sana pale mnyama anapopigwa picha akikimbia. Kuro wa Burigi-Chato, kama kuro wengine wa magharibi mwa nchi, ana baka jeupe lililojaa kuzunguka mkia. Kuro wa mashariki ana duara jeupe lililo kama pete, na katikati yake rangi ya mwili hubaki. Katika maeneo ambako aina hizo mbili hukutana, huzaliana na kupata watoto wenye alama za kati.

Nzohe na pongo hawana baka wala pete. Hata hivyo, pongo anaposhtuka huinua mkia wake wenye manyoya mengi na kuonesha weupe wa upande wa chini. Katika picha iliyopigwa kwa mbali, weupe huo unaweza kudhaniwa kuwa baka la makalio. Dalili ya kutofautisha ni kwamba weupe wa pongo upo kwenye mkia wenyewe, ilhali wa kuro upo kwenye ngozi ya makalio.

Alama za ngozi na ukubwa

Kuro ana rangi moja ya kahawia au kijivu, bila mistari ubavuni. Pongo na nzohe wote wanaweza kuwa na madoa na mistari myeupe, hivyo alama hizo pekee hazitoshi kuwatenganisha. Tofauti ipo katika manyoya: ya pongo ni mafupi na yamelala, ya nzohe ni marefu na yamevurugika. Dume la nzohe huwa na rangi ya kahawia iliyofifia na alama hafifu, na mara nyingi huwa na alama nyeupe kati ya macho.

Ukubwa ni kipimo cha kutumiwa kwa tahadhari. Kuro hufikia urefu wa takriban sentimita 120 au zaidi begani, na pongo mara nyingi huwa chini ya sentimita 90. Nzohe yupo katikati, lakini jike lake hulingana na dume la pongo. Picha isiyo na kitu cha kulinganishia haiwezi kuonesha tofauti hiyo. Umbo ni ushahidi bora kuliko ukubwa: nyonga za nzohe zimeinuka kuliko mabega, na kwato zake ni ndefu na hutanuka ili asizame kwenye tope.

Mfano wa picha moja

Tuchukue mfano wa picha iliyopigwa kutoka kwenye mtumbwi karibu na Rubondo. Mnyama ni wa rangi ya kahawia nyekundu, hana pembe, ana mistari michache ubavuni, na miguu yake imefichwa na matete.

Kukosekana kwa pembe kunaonesha kuwa ni jike au mtoto, lakini hakumtaji mnyama. Mistari ya ubavuni na makalio yasiyo na baka vinamwondoa kuro. Wanabaki pongo na nzohe. Kuwepo kwake kwenye matete kunaelekeza kwa nzohe, ila si uthibitisho, kwa kuwa pongo naye hushuka ufukweni kunywa maji. Hatua inayofuata ni kukuza picha na kuangalia mgongo na manyoya. Nyonga zikiwa juu ya mabega na manyoya yakiwa marefu, jina la nzohe linakubalika. Picha ya pili inayoonesha kwato ndefu huthibitisha.

Endapo manyoya yamelowa, tahadhari inahitajika. Maji huyalaza manyoya ya nzohe na kuifanya rangi yake ionekane nyeusi zaidi, hivyo hufanana na pongo. Katika hali hiyo mgongo ndio wa kutegemewa. Iwapo nao hauonekani, taarifa iandikwe "nzohe au pongo, jike", kwa kuwa jina la kubahatisha huharibu kumbukumbu za eneo husika.

Kuwasilisha picha

Picha iwasilishwe nzima bila kukatwa, kwa sababu mimea na maji yanayomzunguka mnyama ni sehemu ya ushahidi. Ni vyema kuwa na picha ya ubavu na ya nyuma, pamoja na tarehe, saa na jina la kijiji au mwalo. Mpiga picha asimfuate mnyama ndani ya matete. Akikuta mnyama amenaswa au amekufa, asichukue nyama, ngozi wala pembe, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara bila kibali. Ampige picha akiwa alipo na kutoa taarifa kwa afisa wanyamapori au kituo cha hifadhi kilicho karibu.