Vyombo vya udongo vinavyong'aa: jinsi ya kupima hatari ya risasi

Chungu kinachofinyangwa na Watwa wa Burundi na kuuzwa Bujumbura kwa kawaida hakina tabaka la kung'aa. Huchomwa mahali wazi kwa nyasi na kuni, na uso wake hubaki mkavu, wenye kunyonya maji. Hofu ya madini ya risasi inahusu zaidi mabakuli na sahani zenye rangi na mng'ao wa kioo.

Mng'ao huo kwa hakika ni kioo chembamba kilichoyeyushwa juu ya udongo. Mchanga peke yake huhitaji joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi ili uyeyuke. Mfinyanzi mwenye tanuri dogo huongeza oksidi ya risasi, na mchanganyiko huyeyuka hata chini ya nyuzi 1,000. Tanuri lisipopata joto la kutosha, risasi haishikwi barabara ndani ya kioo, nayo hutoka pale inapokutana na uchachu.

Tuchukue bakuli la kachumbari ya nyanya na ndimu. Ikiliwa mara moja, risasi inayotoka ni kidogo. Ikilazwa humo usiku kucha, uchachu hupata saa nyingi za kuitoa. Na mchuzi wa nyanya ukichemshwa katika chombo hicho, joto huharakisha kazi hiyo. Chakula hakibadiliki ladha wala rangi.

Jicho haliwezi kutoa hukumu. Mng'ao uliopasuka au unaoacha unga baada ya kuoshwa, pamoja na maua yaliyochorwa juu ya mng'ao ambayo kidole huyahisi, ni dalili za kutilia shaka. Lakini sahani laini isiyo na ufa nayo yaweza kutoa risasi. Vijiti vya kupimia hugeuka vyekundu vikigusa risasi. Visipogeuka, si uthibitisho wa usalama.

Kipimo cha kuaminika ni cha maabara: chombo hujazwa asidi ya siki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha risasi iliyotoka hupimwa. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 1984 iliruhusu miligramu 4 kwa lita katika mabakuli, na 1.5 katika vyombo vya kupikia. Kiwango hicho cha mabakuli ni mara 400 ya kile ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa maji ya kunywa. Kwa hiyo kufaulu kipimo si sawa na kutokuwa na risasi kabisa.

Kuchemsha au kusugua chombo hakuondoi risasi. Kusugua huchakaza mng'ao. Kinachotiliwa shaka kibaki pambo la ukutani. Watoto na wajawazito waliokuwa wakilia humo wapimwe damu, kwa kuwa risasi hujificha mifupani kwa miaka na humfikia mtoto tumboni.