Droo na Floti: Historia ya Hesabu ya Wakala wa Pesa kwa Simu

Wakala wa pesa kwa simu hufanya kazi na fedha za namna mbili. Ya kwanza ni noti na sarafu zilizo kwenye droo. Ya pili ni floti, yaani salio lililo kwenye laini yake ya uwakala. Mteja akija kuweka shilingi 20,000, droo inaongezeka na floti inapungua kwa kiasi hicho hicho. Mteja akija kutoa, floti inaongezeka na droo inapungua. Jumla ya viwili hivyo haibadiliki, na hesabu yote ya kibanda imesimama juu ya kanuni hiyo. Kinachobadilika ni mgawanyo. Tangu huduma hii ianze Afrika Mashariki, tatizo la wakala limekuwa lile lile: upande mmoja umejaa, na mteja aliye dirishani anautaka ule mwingine.

Kutoka Thika hadi wilaya 69

Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005 nchini Kenya, katika Mathare, katikati ya jiji la Nairobi na mjini Thika. Safaricom na Vodafone ya Uingereza waliyaendesha kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa dogo: wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja hawakuzidi 500, na maduka yaliyowahudumia yalikuwa manane tu.

Wateja hao hawakuishia kwenye mikopo. Walianza kutumiana fedha, kulipana madeni, na kuweka mauzo ya siku kwenye simu ili wasilale nayo nyumbani. Kwa wakala, mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana. Marejesho ya mkopo yana siku yake, hivyo wakala anaweza kujiandaa. Fedha za kumtumia mama kijijini au za kununulia dawa hazina ratiba.

Huduma ilipozinduliwa kwa umma tarehe 6 Machi 2007, lengo halikuwa mikopo tena bali kutumiana fedha. Maduka ya uwakala yalipangwa ili yafike makao makuu ya wilaya zote 69 za Kenya za wakati huo. Floti haikukopeshwa. Kila shilingi iliyoonekana kwenye simu ilipaswa kuwa na shilingi halisi katika akaunti ya amana benki, kwa hiyo kampuni haikuweza kumwongezea wakala floti kwa kubonyeza kitufe tu. Wakala alilazimika kwanza kupeleka fedha benki, kisha kusubiri malipo yathibitishwe. Aliyeishiwa floti asubuhi aliweza kupoteza wateja wa nusu siku akiwa kwenye foleni.

Tatizo lilikuwa na sura mbili kufuatana na mahali. Mjini, wengi huweka fedha ili kuwatumia jamaa zao, hivyo wakala wa mjini huishiwa floti na droo yake hujaa noti. Kijijini, jamaa hao hao huja kutoa, hivyo wakala wa kijijini hubaki na floti nyingi na droo tupu. Kampuni yenye duka mjini na jingine kijijini iliweza kusaidia upande mmoja kwa mwingine, lakini mwenye kibanda kimoja hakuwa na njia hiyo. Nafuu ilikuja benki zilipokubaliwa kuwa mawakala wakuu. Tangu hapo wakala aliweza kuingia kwenye tawi la benki, akatoa noti na kupata floti papo hapo, au akafanya kinyume chake.

Tanzania: kibanda kimoja, laini nyingi

Nchini Tanzania Vodacom ilianzisha M-Pesa mwaka 2008. Zantel nayo ilikuwa na Z-Pesa, kisha Zain ikaja na Zap, ambayo baadaye ikawa Airtel Money, na mwaka 2010 ikafuata Tigo Pesa. Kenya, hadi mwaka 2014, wakala wa Safaricom alizuiwa kuhudumia mitandao mingine, mpaka mamlaka ya ushindani ilipoondoa zuio hilo. Tanzania ilikwenda njia nyingine: kibanda kimoja kikawa na simu tatu au nne mezani, kila moja ya mtandao wake.

Kwa mteja huo ni urahisi. Kwa wakala maana yake ni kwamba mtaji uliokuwa ukigawanyika mara mbili sasa unagawanyika mara nne au tano, kwa sababu floti ya mtandao mmoja haiwezi kumhudumia mteja wa mwingine. Wakala anaweza kuwa na shilingi milioni moja kibandani na bado akamrudisha mteja mwenye 100,000.

Kabla ya mitandao kuunganishwa, hali hiyo ilikuwa na faida kidogo. Mtu aliyetaka kuhamisha fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine mara nyingi alizitoa kwenye laini moja na kuziweka kwenye nyingine hapo hapo kibandani, na wakala akapata kamisheni mbili. Tigo, Airtel na Zantel walianza kuunganisha huduma zao mwaka 2014, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Mteja akaweza kutuma moja kwa moja, lakini wakala akaendelea kushika floti ya kila mtandao peke yake.

Siku moja ya mfano

Chukua kibanda cha kubuni karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, mwaka 2015. Mtaji wake ni shilingi 2,000,000. Asubuhi droo ina 800,000, laini ya Vodacom 700,000, ya Tigo 300,000 na ya Airtel 200,000. Mgawanyo huo unatokana na daftari la siku zilizopita, yaani mtandao unaowekewa fedha zaidi ndio unaopewa floti zaidi.

Kufikia saa nne, wafanyabiashara wameweka 500,000 kwenye Vodacom. Droo ina 1,300,000 na laini imebaki na 200,000. Anakuja mteja wa kuweka 350,000. Kibanda hakina uhaba wa fedha, kina uhaba wa floti. Wakala anapeleka noti za 600,000 kwa wakala mkuu na kununua floti, kisha anamhudumia mteja huyo. Droo sasa ina 1,050,000 na laini ya Vodacom 450,000. Kama wakala mkuu yuko mbali, njia ya mkato ni jirani mwenye kibanda ambaye tatizo lake ni kinyume: ana floti nyingi na noti hana. Wawili hao hubadilishana, na kila mmoja huandika katika daftari lake.

Mchana mabasi yanashusha abiria wanaotaka noti. Zinatolewa 300,000 kutoka Airtel na 150,000 kutoka Tigo. Droo inashuka hadi 600,000, Airtel inapanda hadi 500,000 na Tigo hadi 450,000. Jioni mteja wa mwisho anaweka 5,000 kwenye Vodacom.

Kufunga hesabu ni kuhesabu noti, kusoma salio la kila laini, kujumlisha na kulinganisha na mtaji. Jioni hiyo droo ina 605,000, Vodacom 400,000, Tigo 450,000 na Airtel 500,000. Jumla ni 1,955,000, na pungufu ni 45,000.

Kabla ya kupekua miamala yote, wakala mzoefu hugawanya pungufu kwa tisa. Hii ni mbinu ya zamani ya watunza vitabu. Sifuri ikizidi, kiasi halisi huzidishwa kwa kumi, hivyo tofauti huwa mara tisa ya kiasi hicho. Hapa 45,000 ikigawanywa kwa tisa inatoa 5,000, na mteja wa mwisho aliweka 5,000. Simu inaonyesha kwamba alitumiwa 50,000. Tarakimu zilizopinduliwa nazo huacha alama hiyo hiyo: 36,000 ikiandikwa 63,000, tofauti ni 27,000, ambayo pia inagawanyika kwa tisa. Pungufu lisilogawanyika, kwa mfano 10,000 kamili, huelekeza kwingine, kama noti iliyohesabiwa mara mbili, noti bandia iliyokataliwa, au fedha zilizochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani bila kuandikwa.

Kosa likijulikana, kinachofuata ni mbio. Wakala hupiga simu huduma kwa wateja ya mtandao husika ili muamala urudishwe. Fedha zikiwa bado kwenye simu ya aliyepokea, zinaweza kurudishwa. Zikiwa zimeshatolewa, hasara ni ya kibanda, isipokuwa mteja mwenyewe akubali kuzirejesha.

Njia hii ina mpaka wake. Fedha zikienda kwenye namba isiyo sahihi, jumla ya jioni italingana kabisa, kwa kuwa droo iliongezeka na floti ikapungua sawasawa. Kosa hilo hujulikana pale tu mteja anaporudi kulalamika. Ndiyo maana wakala makini humsomea mteja namba na jina kabla ya kuthibitisha. Meseji ya uongo ya kutoa fedha, kwa upande wake, hugunduliwa kwa kuangalia salio la laini badala ya kuamini maneno ya meseji. Kama salio halikuongezeka, hakuna fedha iliyoingia.

Kamisheni

Wakala hapati chochote watu wanapotumiana fedha wao kwa wao. Kamisheni hutokana na kuweka na kutoa, na hulipwa kwa ngazi za viwango. Mteja halipi ada ya kuweka, hivyo kamisheni ya kuweka hutoka kwa kampuni, ambayo hufidiwa na ada ya kutuma na ya kutoa.

Mpango huo ulizaa hila mbili mapema. Ya kwanza ni kugawa muamala: penye ngazi za chini zinazolipa zaidi kwa kila shilingi, 100,000 huwekwa kwa vipande vitano ili kupata kamisheni mara tano. Ya pili ni kuweka fedha moja kwa moja kwenye namba ya mtu aliye mbali, ili anayetuma akwepe ada. Kampuni zilijibu kwa kufuatilia miamala inayofuatana na kukata kamisheni yake.

Kwa kuwa kamisheni hufuata idadi ya miamala, faida ya kibanda inategemea mara ngapi mtaji unazunguka kuliko ukubwa wake. Floti ya 500,000 inayotumika na kujazwa tena mara mbili kwa siku huzalisha takribani sawa na 1,000,000 inayotumika mara moja. Mzunguko ukipungua, mapato hupungua papo hapo. Mawakala wa Tanzania waliliona hilo Julai 2021, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa. Wateja walipunguza miamala, na kamisheni ikashuka ingawa viwango vyake havikuguswa. Septemba mwaka huo tozo hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30.

Mitandao mingi hukusanya kamisheni kando na kuilipa mwisho wa mwezi. Ikilipwa, huandikwa katika ukurasa wake, kodi ya kibanda na mshahara wa msaidizi hutolewa humo, na kinachobaki ama huchukuliwa nyumbani ama huongezwa kwenye mtaji. Ikiongezwa, mtaji mpya huandikwa siku hiyo hiyo. Bila hivyo, hesabu ya kesho jioni itaonyesha ziada isiyo na maelezo, na ziada ya namna hiyo inaweza kuficha pungufu la kweli.